Uchambuzi wa kisa: barua ya Mkenya anayeomba kazi ya maabara Mwanza

Kiwanda cha kuchakata minofu ya sangara jijini Mwanza kimetangaza nafasi ya msimamizi wa maabara. Kinataka mtu mwenye shahada ya maikrobiolojia au sayansi ya chakula, uzoefu usiopungua miaka mitano, na awe amewahi kuisimamia maabara hadi ikapata ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara za upimaji. Mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 15 Mei.

Mwombaji ni Mkenya, amefanya kazi miaka saba katika maabara ya chakula Kisumu. Mume wake ni Mtanzania aliyeajiriwa Mwanza, wana watoto wawili, na familia imeamua kuacha kuishi nusu huku nusu kule. Kisa ni cha kutunga, ila makosa yaliyomo anayajua kila afisa rasilimali watu aliyewahi kupokea barua kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari.

Kwa sifa za tangazo, huyu mama anafaa. Barua yake ya kwanza ndiyo iliyokuwa inamwangusha, tena katika aya moja tu, ile ya kuhama:

> Nimevutiwa sana na jiji la Mwanza kwa upepo wake mwanana, mandhari ya Jiwe la Bismarck na ukarimu wa watu wake, na kwa sasa nimo katika harakati za kuhamia huko. Kuhusu kibali hakutakuwa na tatizo lolote, kwani mimi ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na mume wangu ni Mtanzania. Masuala ya kibali nitayashughulikia mwenyewe. Niko tayari kuanza kazi mara moja.

Sentensi ya upepo tuipite, haina madhara makubwa zaidi ya kula nafasi. Zinazofuata ndizo zenye shida.

"Raia wa Jumuiya." Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ni kweli inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuhama kutoka nchi moja mwanachama kwenda nyingine. Wengi husoma kichwa hicho wakaishia hapo. Lakini uhuru huo unafuata kanuni zilizo kwenye viambatisho vya Itifaki, pamoja na jedwali ambamo kila nchi iliorodhesha kada ilizokubali kuzifungua. Kanuni hizohizo zinasema mfanyakazi mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi. Kwa hiyo ujirani wetu haumwondolei Mkenya kibali. Na upande wa Tanzania ipo Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, ambayo kwa mujibu wake asiye raia hafanyi kazi bila kibali cha Kamishna wa Kazi. Afisa wa kiwanda anayeijua sheria hiyo akisoma "hakutakuwa na tatizo lolote", anaona mtu ambaye hajauliza. Asiyeijua ni hatari zaidi, maana anaweza kumwamini.

"Mume wangu ni Mtanzania." Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, kwa sababu ndoa inasaidia kweli, ila si kwa jambo linalodhaniwa. Mke wa raia anaweza kupata pasi ya mtegemezi na akakaa na familia yake Nyegezi au Buswelu bila kusumbuliwa. Pasi hiyo ni ya kuishi, haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Siku atakayovaa koti jeupe na kuanza kupanda sampuli maabara, anahitaji kibali cha kazi kama mgeni mwingine yeyote. Thamani ya mume katika barua iko kwingine, na tutaifikia.

"Nitayashughulikia mwenyewe." Mwombaji aliandika hivi kwa nia njema, asimtishe mwajiri kwa gharama na usumbufu. Bahati mbaya haiwezekani. Kibali cha mwajiriwa huombwa na mwajiri, kinatoka kikiwa na jina la mwajiri huyo na nafasi hiyo, na akihamia kiwanda cha jirani anaanza upya. Nyaraka nyingi zinazotakiwa ziko kwenye kabati la kiwanda: usajili wa kampuni, leseni, taarifa za kodi, mkataba wa ajira, maelezo ya kazi. Kibali cha kazi kikishatoka ndipo Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi daraja B, ambacho ndicho cha waajiriwa. Anayesema atamaliza hayo peke yake ama hajui utaratibu, ama ana mtu wake wa "kumsaidia" mahali fulani. Hakuna mwajiri anayetaka kuingizwa kwenye lolote kati ya hayo mawili.

"Mara moja." Tupige hesabu. Tuseme mkataba unasainiwa tarehe 10 Juni. Kanuni za Itifaki zinampa mfanyakazi siku 15 za kazi tangu kusaini ili maombi ya kibali yawe yamewasilishwa, na mamlaka inapewa siku 30 tangu ilipoyapokea. Yote yakienda bila kurudishwa kwa kukosa karatasi, tuko mwanzoni mwa Agosti. Mwombaji ana notisi ya mwezi mmoja Kisumu, na mwenye akili hatoi notisi kabla ya kuona kibali. Hapo tumefika Septemba, na bado kuna ukaazi. Miezi mitatu ni makadirio ya kweli. "Mara moja" ni maneno ambayo afisa atayakumbuka Julai mkurugenzi akimuuliza yule mtu wa maabara yuko wapi.

Hadi hapa tumerekebisha tu kilichokosewa. Lipo swali kubwa zaidi ambalo rasimu haikuligusa kabisa: kwa nini asiajiriwe Mtanzania?

Kamishna wa Kazi, kabla ya kutoa kibali, anatakiwa aridhike kwamba juhudi za kumpata mtaalamu ndani ya nchi zimefanyika. Kwa Mwanza swali hilo ni kali kuliko mahali pengi. Chuo cha uvuvi cha FETA kiko hapohapo Nyegezi, na maabara ya taifa ya ubora wa samaki iko Nyegezi vilevile. Tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria miaka ya mwisho ya 1990, mara ya mwisho ikiwa 1999 kwa sababu ya uvuvi wa sumu, viwanda vya kanda hii vimelazimika kuwa na watu wa ubora wanaoijua kazi. Mkenya anayejinadi kama "mtaalamu wa ubora wa samaki" anashindana na kundi lililo kilomita chache kutoka getini, na mwajiri hatakuwa na la kumweleza Kamishna.

Ndiyo maana mwombaji abane. Asijiite mtu wa ubora kwa ujumla. Ajitambulishe kwa kile kipande cha tangazo ambacho ni adimu: kuichukua maabara isiyo na ithibati, kuandika taratibu zake, kuhakiki njia za upimaji, kukokotoa kiwango cha mashaka ya vipimo, kushiriki vipimo vya kulinganisha na maabara nyingine, na kusimama mbele ya wakaguzi hadi cheti kitoke. Ithibati ya ISO/IEC 17025 hutolewa kwa njia za upimaji zilizotajwa, haitolewi kwa jengo zima. Kwa hiyo "maabara yetu ina ithibati" haitoshi, aseme ni njia ngapi na yeye alibeba zipi. Kwa mwombaji huyu zilikuwa sita, na mbili kati yake, ya salmonela na ya vibrio, alizihakiki mwenyewe tangu mwanzo. Hiyo ndiyo sentensi ambayo afisa ataihamishia kwenye maombi ya kibali karibu neno kwa neno.

Kuna kitu cha pili ambacho barua inaweza kumpa mwajiri. Sheria ya 2015 inamtaka awe na mpango wa kurithisha ujuzi wa mgeni kwa Watanzania. Viwanda vingi huuandika usiku wa kuamkia kuwasilisha, maneno matupu ya "atawafundisha wenzake". Kibali hutolewa kwa miezi 24, na kinaweza kuhuishwa. Mwombaji akipendekeza mwenyewe nani atajifunza nini katika miezi hiyo 24, amemfanyia afisa nusu ya kazi. Wapo wanaoogopa kwamba ni kujichimbia kaburi. Mpango utaandikwa tu, awepo au asiwepo, na afadhali auandike anayejua uhakiki wa njia moja huchukua muda gani.

Na mume? Hofu ya mwajiri yeyote anayemleta mtu kutoka mbali ni kwamba baada ya miezi minane atakumbuka nyumbani aondoke, na ada ya kibali imekwenda na maji. Familia iliyotia nanga Mwanza inajibu hofu hiyo bila mwombaji kuapa lolote. Sentensi moja inatosha. Asieleze mume ana miaka mingapi kazini, wala watoto wanasoma shule gani.

Barua iliyoandikwa upya, kuanzia kichwa cha habari:

> YAH: MAOMBI YA KAZI YA MSIMAMIZI WA MAABARA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Naomba nafasi ya msimamizi wa maabara kama ilivyotangazwa. Nina shahada ya kwanza ya maikrobiolojia na uzoefu wa miaka saba katika maabara ya chakula mjini Kisumu, minne kati yake nikiwa msimamizi.
>
> Nilipokabidhiwa maabara hiyo haikuwa na ithibati. Kwa miezi 20 niliandika upya taratibu za upimaji, nilihakiki mwenyewe njia ya salmonela na ya vibrio, na kusimamia wenzangu watatu katika njia nyingine nne. Tulipata ithibati ya ISO/IEC 17025 kwa njia zote sita. Katika ukaguzi wa kwanza tuliandikiwa mapungufu tisa, kubwa likiwa ukokotoaji wa mashaka ya vipimo. Tuliyafunga yote ndani ya muda tuliopewa, na naweza kueleza tulifanyaje.
>
> Ninahamia Mwanza kwa sababu familia yangu iko huko: mume wangu ni raia wa Tanzania na ni mwajiriwa mkoani Mwanza. Mimi ni raia wa Kenya. Sina kibali cha kazi cha Tanzania kwa sasa, na ninaelewa kwamba maombi yake hufanywa na mwajiri kwa Kamishna wa Kazi, kisha kibali cha ukaazi. Kwa upande wangu pasipoti, vyeti, wasifu na barua za waajiri viko tayari, na nimewasilisha shahada yangu TCU kwa ajili ya utambuzi. Notisi yangu kwa mwajiri wa sasa ni mwezi mmoja. Nakadiria kuripoti kazini ndani ya miezi mitatu tangu kusaini mkataba, na kwa usaili naweza kufika Mwanza nikipewa taarifa ya siku tatu.
>
> Nikiajiriwa, napendekeza watumishi wawili wa maabara yenu wafanye kazi nami tangu siku ya kwanza. Mwaka wa kwanza, mmoja ajifunze uhakiki wa njia za upimaji na ukokotoaji wa mashaka. Mwaka wa pili, mwingine aongoze ukaguzi wa ndani na vipimo vya kulinganisha. Kufikia mwezi wa 24, wote wawili waweze kusimama mbele ya wakaguzi bila mimi.
>
> Nimeambatisha wasifu, nakala za vyeti, risiti ya maombi ya TCU, na nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti.
>
> Wako katika ujenzi wa taifa? Hapana.

Mstari huo wa mwisho tumeuweka makusudi. Mwombaji alikuwa ameuona kwenye barua za Watanzania akauiga, akamaliza kwa "Wako katika ujenzi wa taifa". Mgeni anayeomba kazi kiwanda binafsi amalize kwa "Wako mtiifu" au "Wako mwaminifu", yatosha. Vivyo hivyo "YAH:" na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" ni mazoea ya ofisi za Tanzania. Akiandika "KUH:" kama alivyofundishwa Kenya haharibu kitu, lakini msomaji wa Mwanza atausikia mpaka wa nchi katika herufi hizo tatu. Maneno yanayofaa kubadilishwa ni machache: "simu ya mkononi" badala ya "rununu", "wasifu" badala ya "tawasifu". Sheng isiingie hata kwenye barua pepe ya kusindikiza.

Turudi kwenye aya ya kibali, kwa kuwa ndiyo moyo wa barua hii. Imekaa ya tatu, baada ya sifa. Ikikaa ya kwanza, afisa anaanza kumfikiria mwombaji kama faili la Uhamiaji kabla hajamfikiria kama mtu wa maabara. Ikifichwa hadi usaili, kinachofuata ni kibaya zaidi: kamati imeshampenda, ndipo inagundua kwamba ni mgeni, na inahisi imezungukwa. Aya imesema uraia wazi, imesema hali ya kibali kwa wakati uliopo, imeonyesha anajua nani anaomba, halafu imegeukia kile alicho nacho mkononi. Haikutaja ada. Viwango hubadilika, na nani alipe ni jambo la mezani wakati wa mkataba. Mara nyingi hulipa mwajiri.

Suala la TCU linahitaji neno zaidi. Shahada ya Kenya ni shahada halali, lakini ikivuka mpaka kuna atakayeuliza kama imetambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa stashahada mlango ni wa NACTVET, na kwa cheti cha sekondari ni NECTA. Kuomba mapema kunaokoa wiki ambazo vinginevyo zingeliwa wakati saa ya kibali inakimbia. Ila aandike "nimewasilisha" ikiwa kweli amewasilisha. Kama bado, aandike "nitawasilisha kabla ya usaili", kisha afanye hivyo kesho yake. Jina nalo liangaliwe: vyeti vyake ni vya jina la ubini, pasipoti imeongezwa jina la mume. Tofauti ndogo kama hiyo hurudisha faili zima. Dawa yake ni cheti cha ndoa au hati ya kiapo ya majina, na ikae kwenye faili tangu mwanzo.

Je, barua hii inahakikisha kibali? Haihakikishi. Mwajiri anaweza kumpenda na Kamishna akakataa, hasa kama wamejitokeza Watanzania wawili watatu waliowahi kupitisha maabara kwenye ithibati. Hapo hakuna sentensi ya kumwokoa. Kazi ya barua ni kwamba asikataliwe kabla ya kufika huko, kwa sababu ya mambo ambayo angeweza kuyasema vizuri.

Bado mtego mmoja, nao huja kwa sauti ya upole. Wiki moja baada ya barua, simu inalia: "Dada, tumependa sana maombi yako. Kwa kuwa upo upo Mwanza kwa shemeji, njoo basi wiki mbili tukuone maabara, halafu mengine tutayapanga." Anayepiga hana ubaya, amezoea kuwajaribu vijana hivyo. Lakini wiki mbili za kupima sampuli ni kazi, iwe ya malipo au ya bure, na yeye ana stempu ya mgeni tu au pasi ya mtegemezi. Wakaguzi wa kazi wakipita siku hiyo, yeye yuko matatani na kiwanda kiko matatani. Kukaa usaili, kutembezwa kiwandani, na kufanya mtihani wa kuandika ni jambo lingine.

Ajibu siku hiyohiyo, kwa maandishi:

> Asante sana kwa simu ya leo. Niko tayari kuja kwa usaili, kutembelea maabara na kufanya mtihani wa kuandika siku yoyote mtakayopanga. Kufanya kazi maabara kabla ya kibali kutatuweka pabaya sote wawili, hivyo naomba hilo lisubiri. Kama itawasaidia, naweza kuleta utaratibu wa uhakiki niliouandika, baada ya kuondoa taarifa za mwajiri wangu, muupitie pamoja nami.

Ule utaratibu aliouandika, kurasa 11 zenye majedwali ya marudio na hesabu za mashaka, utawaambia zaidi kuliko wiki mbili za kumtazama akimimina agari.